Kapasita ukivuta mabamba yake: nishati inapanda au inashuka? Jaribio la mezani kwa betri ya volti 1.5

Kila mwaka Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ikikaribia, vijana wa umeme hapa Lubumbashi wananijia na swali lile lile. Kapasita ya mabamba mawili imechajiwa, mabamba yanavutwa mpaka umbali unakuwa mara mbili. Nishati iliyomo inaongezeka au inapungua? Mmoja anatumia `U = ½CV²`, anaona C imeshuka, anajibu: imepungua nusu. Mwenzake anatumia `U = Q²/2C`, anaona C iko chini ya mstari, anajibu: imeongezeka mara mbili. Wanabishana hadi jioni, na wote wawili wamepiga hesabu vizuri.

Wanachoruka ni maneno machache ya swali: je, betri bado imeunganishwa, au imetolewa kabla ya kuvuta? Nimeeleza jambo hili ubaoni mara nyingi, na nimeona kwamba maelezo hayakai kichwani mpaka mtu ameona namba ikipanda mbele ya macho yake. Kwa hiyo huu hapa ni mwongozo wa kulifanya mezani, kwa vifaa vya kawaida.

Kwanza, kwa nini multimeta peke yake haitoshi

Hapa ndipo karibu kila anayejaribu anakwama, kwa hiyo tulimalize kabla ya kununua chochote. Mabamba mawili ya sentimita 30 kwa 30, yaliyotenganishwa kwa milimita 1.5, yana uwezo wa pikofaradi 530 hivi. Ni kidogo sana. Multimeta ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ukiiweka juu ya kapasita hiyo iliyochajiwa, chaji inakimbia ndani ya multimeta kwa milisekunde chache tu. Jicho lako litaona sifuri tu, na utadhani kapasita haikuchajiwa kabisa.

Dawa yake ni aisi ndogo ya kukaa katikati, ambayo inaangalia volti za bamba bila kunywa chaji yake. Mimi natumia CA3140. Ina miguu minane, na mguu wake wa kuingilia unachukua mkondo wa pikoampia 10 hivi tu. Kwa kapasita yetu, kiasi hicho kinasogeza usomaji kwa volti 0.02 kila sekunde. Una muda wa kutosha kuvuta na kusoma.

Unachohitaji

- Mabamba mawili ya alumini, sentimita 30 kwa 30, unene wa milimita 2, yaliyonyooka. Mafundi wa madirisha na milango ya alumini wana mabaki. Usihangaike kutafuta shaba kwa sababu tuko Katanga. Shaba itakupa namba zile zile.
- Aisi moja ya CA3140. Ukikosa, TL071 au TL081 ina miguu iliyopangwa vile vile, ila usomaji unasogea haraka zaidi.
- Betri mbili za mraba za volti 9, na betri moja ya redio ya volti 1.5.
- Rezista moja ya kiloomu 100.
- Multimeta moja.
- Kadi za plastiki zilizokwisha kazi: kadi ya benki iliyopitwa na muda, au ile kadi kubwa inayobaki ukishatoa simu-kadi. Kadi za benki zina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo mbili zikiwekwa juu ya nyingine ni milimita 1.5, na nne ni 3. Kadi ya simu ipime kwanza, nyingine ni nyembamba.
- Kipande cha frigoliti, lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya katoni.
- Waya mwembamba, alkoholi ya dukani, kitambaa safi, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Usitumie umeme wa ukutani uliogeuzwa kuwa wa moja kwa moja, na usitumie kapasita kubwa za televisheni ya zamani eti upate cheche. Cheche haitakufundisha tofauti ya hali hizi mbili, na kapasita hizo zinaua. Betri ya pikipiki ya volti 12 nayo iache: mabamba yakivutwa yatafika volti 24, na aisi yetu inayokula volti 9 haiwezi kuzisoma.

Kutengeneza

1. Kata frigoliti vipande vitatu vya urefu wa sentimita 10, visimamishe mezani kama mafiga, kisha laza bamba la chini juu yake. Usivisugue, maana frigoliti ikisuguliwa inajichaji yenyewe na kukuharibia namba.

2. Kata kadi vipande vidogo vya sentimita 1 kwa 1. Gundisha viwili viwili mpaka upate vibanda vitatu vya milimita 1.5, kisha vinne vinne upate vitatu vya milimita 3. Vitatu, si vinne kwa kila kimo: mafiga matatu hayayumbi. Vifute kwa alkoholi, na kuanzia hapo uvishike kwa kibanio au kwa pembe. Jasho la kidole ni njia ya umeme.

3. Unganisha betri mbili za volti 9, hasi ya moja na chanya ya nyingine. Mahali zinapokutana ndipo "ardhi" yetu. Chanya iliyobaki iende mguu wa 7 wa aisi, hasi iliyobaki iende mguu wa 4.

4. Unganisha mguu wa 2 na mguu wa 6. Miguu ya 1, 5 na 8 iache. Multimeta ikae kati ya mguu wa 6 na ardhi, kwenye kipimo cha volti 20 za moja kwa moja.

5. Mguu wa 3 ukunje uelekee juu, usiguse ubao wala kitu chochote. Lehemu rezista ya kiloomu 100 moja kwa moja kwenye mguu huo ukiwa hewani, kisha kutoka rezista waya mfupi uende bamba la chini. Ukiupitisha kwenye ubao wa majaribio, vumbi na unyevu wa ubao vitakula chaji yako.

6. Bamba la juu liunganishe na ardhi kwa waya mlegevu. Hili ndilo bamba utakalolisogeza, na limewekwa ardhini kwa makusudi. Ukilishika, mwili wako unakuwa ardhini pamoja nalo, na mikono yako haibadilishi usomaji. Wengi wanafanya kinyume: wanasogeza bamba lenye chaji kwa mkono, halafu wanashangaa namba inacheza kila wanapopumua.

Hali ya kwanza: betri imetolewa

7. Weka vibanda vya milimita 1.5 kwenye bamba la chini, viwili kwenye pembe za upande mmoja na kimoja katikati ya upande wa pili. Laza bamba la juu.

8. Gusa mabamba yote mawili kwa kipande cha waya ili kuondoa chaji yoyote. Multimeta isome sifuri au karibu nayo.

9. Hasi ya betri ya volti 1.5 iwe kwenye ardhi. Waya wa chanya gusisha bamba la chini. Soma: 1.50, au chochote betri yako inachotoa.

10. Ondoa waya huo wa chanya, ukiushika kwenye plastiki yake. Hesabu mpaka kumi huku unatazama multimeta. Ikishuka au kupanda kwa volti 0.2 hivi, uko sawa, endelea. Ikikimbia hadi sifuri au hadi 7, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapo chini. Kuendelea ni kupoteza muda.

11. Chaji tena, ondoa waya, na mara moja inua bamba la juu kwa mikono miwili. Mwenzako aingize vibanda vya milimita 3 kando ya vile vya kwanza, kisha ushushe taratibu. Onyo muhimu kuliko yote: usiinue kupita unene wa penseli. Ukiinua sentimita 2, volti za bamba la chini zinavuka kile ambacho aisi inaweza kupokea, chaji inavujia ndani yake, na usomaji wa baadaye hauna maana tena.

12. Soma. Mimi napata 2.8 na kitu.

Hapa nyamaza kidogo uitazame hiyo namba. Hakuna betri iliyounganishwa na bamba lile. Hakuna mtu aliyeongeza chaji. Volti zimetoka 1.5 hadi karibu 3 kwa sababu tu uliinua alumini kwa milimita moja na nusu.

13. Inua tena kidogo, mwenzako atoe vibanda virefu, shusha kwenye 1.5. Usomaji urudi karibu na 1.5, labda 1.3 au 1.4 kwa sababu ya ule uvujaji mdogo. Hatua hii usiiruke. Ndiyo ushahidi kwamba chaji ilikuwa ile ile muda wote.

Hali ya pili: betri imebaki

14. Anza upya kwenye milimita 1.5. Gusisha chanya ya betri, na safari hii iache hapo hapo.

15. Inua, weka vibanda vya milimita 3, shusha. Multimeta inasema 1.50 tangu mwanzo hadi mwisho.

Wanafunzi wengi wanaishia hapa wakisema hakuna kilichotokea. Kimetokea, ila multimeta haiwezi kukionyesha, kwa sababu betri inazishikilia volti zisibadilike. Kilichobadilika ni chaji, na kuna njia ya kuihesabu:

16. Mabamba yakiwa bado kwenye milimita 3, ondoa waya wa chanya. Sasa chaji iliyobaki imefungiwa.

17. Inua kidogo, toa vibanda virefu, shusha kwenye milimita 1.5. Soma. Utapata karibu 0.78.

Kapasita ile ile, kwa umbali ule ule wa milimita 1.5, mwanzo ilikuwa na volti 1.5, sasa ina karibu nusu yake. Basi karibu nusu ya chaji haimo tena. Imekwenda wapi? Haikuwa na njia nyingine ila ule waya: imerudi ndani ya betri wakati ulipokuwa unavuta.

Hesabu ya tulichokiona

Chukua mabamba matupu kwanza, bila kujali waya na aisi. Eneo ni mita za mraba 0.09.

```
C = ε0·A/d = 8.85e-12 × 0.09 / 0.0015 ≈ 530 pF
Q = C·V   = 530 pF × 1.5 V           ≈ 0.8 nC
U = ½·Q·V = ½ × 0.8 nC × 1.5 V       ≈ 0.6 nJ
```

Nakushauri utumie `½QV` unapotaka kuelewa, hata kama utaandika fomula nyingine kwenye mtihani. Inakulazimisha ujiulize mara moja: kati ya Q na V, ipi imefungwa?

Betri ikiwa imetolewa, Q imefungwa. Nishati inafuata volti. Volti mara mbili, nishati mara mbili: kutoka nanojuli 0.6 hadi 1.2. Ile 0.6 ya ziada imetoka mkononi mwako. Mabamba yana chaji za kinyume, yanavutana, na wewe umeyatenganisha kwa nguvu. Usitegemee kuihisi, lakini: nguvu hiyo ni kama mikronyutoni 0.4, na bamba la juu peke yake lina uzito wa karibu nusu kilo. Unachokihisi ni uzito wa alumini. Mvutano wa umeme umefichwa ndani yake, mdogo mara milioni kumi hivi.

Betri ikiwa imeunganishwa, V imefungwa. Nishati inafuata chaji. Chaji nusu, nishati nusu: kutoka 0.6 hadi 0.3. Hapo ndipo linakuja swali zuri kuliko yote, na kijana mmoja wa Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, aliniuliza bila kufundishwa: "Mwalimu, mabamba yanavutana hali zote mbili. Mkono umefanya kazi hali zote mbili. Inakuwaje hapa nimetia nishati, halafu ikapungua?"

Hesabu betri, na mambo yanakaa sawa. Chaji ya nanokulombu 0.4 imesukumwa kurudi ndani ya betri ya volti 1.5:

```
betri imepokea   = 0.4 nC × 1.5 V  = 0.6 nJ
kapasita imetoa  = 0.6 − 0.3       = 0.3 nJ
mkono umetoa     = 0.6 − 0.3       = 0.3 nJ
```

Kapasita imetoa 0.3, mkono umetoa 0.3, na zote mbili zimeingia kwenye betri. Mkono umefanya kazi nusu ya ile ya hali ya kwanza, na sababu unaweza kuiona: hapa mvutano unalegea kadiri unavyovuta, kwa kuwa chaji inaondoka. Katika hali ya kwanza chaji haiondoki, na mvutano unabaki ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwenye karatasi ya mtihani, kabla ya kuandika fomula yoyote, piga mstari chini ya maneno yanayosema betri iko wapi. Kisha andika pembeni "Q imefungwa" au "V imefungwa".

Kwa nini 2.87 na si 3.00

Bamba la chini lina jirani wengine pia: meza, waya, na aisi yenyewe. Wote wanafanya kapasita ndogo ya pembeni ambayo haibadiliki unapovuta. Kwangu ni kama pikofaradi 25. Kwa hiyo jumla inatoka 555 kwenda 290, si 530 kwenda 265, na volti zinapanda mara 1.91 badala ya 2. Mara 1.91 ya 1.5 ni 2.87. Hali ya pili nayo inafuata njia hiyo: 1.5 ukigawa kwa 1.91 unapata 0.78.

Ukitengeneza vibanda vya milimita 6, pengo hili linakuwa kubwa zaidi: badala ya volti 6 utasoma karibu 5.3. Mabamba yanapokuwa mbali, majirani wanahesabika zaidi. Usichakachue namba ili zifanane na kitabu. Ukishajua 25 yako, utaweza kutabiri kila usomaji kabla ya kuupata, na huo ni ushahidi bora kuliko namba iliyonyooka.

Ikigoma

*Usomaji unaruka hadi 7 au hadi hasi mara tu unapoondoa betri.* Mara nyingi umewekewa aisi nyingine. Sokoni utapewa 741, au 4558 iliyotolewa kwenye amplifaya, na muuzaji atakuapia kwamba ni sawa. 741 ina miguu iliyopangwa vile vile, lakini mguu wake wa kuingilia unachukua nanoampia makumi, maelfu ya mara zaidi ya CA3140. Bamba linajazwa au kukaushwa papo hapo. Soma maandishi mgongoni mwa chipu wewe mwenyewe.

*Usomaji unashuka hadi sifuri ndani ya sekunde mbili tatu.* Ni uvujaji: vibanda vina jasho la mikono, au hewa ina unyevu. Futa kwa alkoholi, anika juani nusu saa. Mwezi wa 7 na wa 8 jaribio hili hapa Lubumbashi linakwenda lenyewe, hewa ni kavu. Mwezi wa 1, mvua zikiwa zimekolea, lifanye mchana jua likiwaka, vifaa vikiwa bado na joto la jua. Walioko Bukavu na Goma, kando ya ziwa, wawe na subira zaidi kwenye kuanika.

*Namba haitulii, inacheza juu na chini.* Bamba la chini linapokea umeme wa nyumba kama antena. Ondoa chaja za simu na taa karibu na meza, fupisha waya wa mguu wa 3. Umeme ukikatika mtaani, usinung'unike. Ndiyo saa nzuri ya kufanya kazi hii, maana vifaa vyako vyote vinatumia betri.

*Sifuri haikai sifuri hata baada ya kugusanisha mabamba.* Frigoliti imesuguliwa, au nguo yako ya nailoni inapita karibu. Ipanguse frigoliti kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iache ikauke, kisha rudia hatua ya 8.

*Volti zinapanda vizuri hatua ya 12, lakini hatua ya 13 zinarudi 0.9.* Uliinua juu mno. Kata vipande vitatu vya penseli, weka pembeni kama kipimo cha jicho, na mwambie msaidizi wako apige kelele ukivipita.

*Umejaribu kupima mkondo unaorudi kwenye betri, multimeta haioni kitu.* Haiwezi. Ukivuta kwa sekunde moja, chaji ya nanokulombu 0.4 ni mkondo wa nanoampia 0.4, na kipimo kidogo kabisa cha multimeta nyingi kinaishia kwenye sehemu ya mikroampia. Ndiyo maana tulitumia ule mzunguko wa hatua ya 16 na 17: kufungia chaji iliyobaki, kurudisha mabamba, na kusoma volti.